Anza na mstari, nguzo za mvua zifuate

Ukipewa grafu ya tabianchi, soma kwanza mstari wa jotoridi. Kilele chake kikiwa Julai, mahali hapo huenda pako kaskazini mwa Ikweta. Kikiwa Januari, kusini. Mstari ukikaribia kunyooka, yaani tofauti ya nyuzi 3 au 4 tu kwa mwaka mzima, fikiria ukanda wa tropiki.

Kisha uliza: mvua inanyesha wakati wa joto au wa baridi? Hapa ndipo tabianchi inapojitambulisha. Tuseme Januari ina nyuzi 9 za Selsiasi na milimita 80 za mvua, na Julai ina nyuzi 25 na milimita 15. Tofauti ya jotoridi ni nyuzi 16, kilele ni Julai, na mvua huja kwenye baridi. Hiyo ni tabianchi ya Mediterania.

Wengi hukosea kwa kusema mwezi ni mkavu kwa sababu nguzo iko chini ya mstari. Hilo hutegemea vipimo vya mihimili: ni sahihi pale tu nyuzi 10 zinapolingana na milimita 20, na sifuri zote mbili ziko usawa mmoja. Kwingine, zidisha jotoridi kwa 2 mwenyewe. Julai yetu inatoa 50, mvua ni 15, kwa hiyo ni mwezi mkavu. Januari inatoa 18 dhidi ya 80, haina ukavu. Kumbuka pia kwamba namba hizi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30, hivyo usizitumie kueleza mvua ya mwaka mmoja.