Hotuba kuu ya dakika 45: kugawa sura na kubadilisha mwendo

Tuseme umealikwa Masaka, Uganda, kuzungumza na wakulima 200 wa kahawa aina ya robusta kuhusu ugonjwa wa mnyauko. Ratiba inasema dakika 45. Andika za 36 tu. Itifaki ya kutambua wageni itakula kama 5, na zinazobaki zitaliwa na makofi na kusogeasogea kwa watu.

1. Gawa sura tano. Picha ya mti uliokauka, dakika 4. Jinsi ugonjwa ulivyoenea tangu ulipoonekana Uganda mwaka 1993, dakika 9. Kazi ya wasikilizaji, 6. Hatua za shambani, 12. Kufunga, 5. Jipime kwa saa unasoma maneno mangapi kwa dakika; ukisoma 100, sura ya nne haipaswi kuzidi maneno 1,200.

2. Badilisha mwendo kwenye kila kiungo kati ya sura na sura. Kubadilisha slaidi peke yake hakutoshi. Badilisha vitu viwili kwa pamoja: urefu wa sentensi na mahali unaposimama, au skrini na sauti. Kwenye PowerPoint, kitufe cha B huzima picha, na macho yote hukurudia.

3. Sura ya tatu. Hapa ndipo hotuba nyingi huharibika. Umeongea dakika 13 mfululizo, kwa hiyo sasa kazi wape wao. Onyesha picha ya shina lililokwanguliwa ganda chini, mbao yake ikiwa na weusi wa bluu, kisha uliza: "Miti mingapi shambani kwako ina dalili hii?" Swali lijibiwe kwa namba. Ukiuliza "mnaonaje?", wataongea mambo ya bei.

Wape sekunde 90, kila mtu na jirani yake. Kabla hawajaanza, waambie utakaponyoosha mkono wanyamaze. Usipowaambia, kuwatuliza watu 200 kutakula dakika mbili nzima. Usipitishe maikrofoni hata kidogo, maana anayeishika huanza hotuba yake. Waombe wanyooshe mikono: sifuri, mmoja hadi kumi, zaidi ya kumi. Itaje hesabu hiyo tena katika sura ya nne, unapoeleza kung'oa mti na kuuchoma palepale ulipo. La sivyo zoezi litaonekana mchezo tu.

Usilete tawi halisi la mti mgonjwa ukumbini. Kuvu hao husafiri na mbao, nawe utakuwa unawagawia.

4. Jirekodi. Sikiliza bila kutazama slaidi. Usipotambua sura mpya imeanzia wapi, mwendo haujabadilika.

5. Weka alama za kukata. Ukipewa jukwaa umechelewa dakika 10, toa 7 kwenye historia na 3 kwenye hatua za shambani. Sura ya tatu na kufunga usiziguse. Kama kuna mkalimani wa Kiganda anayekufuata sentensi kwa sentensi, muda wako wa kuongea ni nusu: iache historia yote, kisha upunguze sura ya nne hadi dakika 6.