Barua Pepe ya Pole kutoka kwa Meneja kwa Mfanyakazi Aliyefiwa: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umetokana na barua niliyomsaidia meneja mmoja wa Dar es Salaam kumwandikia mhasibu wake, aliyefiwa na mama mzazi huko Korogwe.

1. Piga simu kwanza. Barua pepe haichukui nafasi ya simu. Kazi yake ni kuweka kwa maandishi yale ambayo mfiwa hatayakumbuka akiwa msibani.

2. Fahamu uhusiano wake na marehemu. Anayeitwa "mama" anaweza kuwa mama mzazi, mama mkubwa au mama mkwe, na jambo hilo linagusa likizo.

3. Toa pole kwa sentensi mbili.

> Tumepokea kwa huzuni taarifa ya kufariki kwa mama yako mzazi. Nakupa pole wewe, baba na ndugu zako wote, na namwomba Mwenyezi Mungu awape subira.

Dua hii inamfaa Mwislamu na Mkristo.

4. Eleza likizo na kazi. Meneja alikuwa ameandika, "Usijali kuhusu kazi, chukua muda wote unaohitaji." Maneno hayo yana upole, lakini yanamwacha mfiwa akijiuliza kama atalipwa na nani ataandaa mishahara ya mwisho wa mwezi. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama mkubwa na mama mkwe hawamo katika orodha hiyo, kwa hiyo usiahidi lolote kabla ya kuzungumza na Idara ya Rasilimali Watu. Kifungu chenyewe usikitaje katika barua, kwani kitaifanya isomeke kama onyo. Tuliandika hivi:

> Uko kwenye likizo yenye malipo hadi Ijumaa. Ukihitaji siku zaidi, ujumbe mfupi kwangu unatosha. Mishahara itaandaliwa na msaidizi wako, na hatutakupigia simu kuhusu kazi.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuchelewesha, kwa sababu mhasibu huyo ndiye aliyekuwa akiidhinisha malipo katika mfumo wa benki. Ilibidi kwanza mtu mwingine mwenye mamlaka apewe idhini hiyo, kwani vinginevyo simu ingempata akiwa makaburini. Kama huwezi kuitimiza ahadi hiyo, iondoe.

5. Tuma kwake peke yake. Usiweke nakala kwa idara nzima. Kiasi cha rambirambi kisitajwe; mchango upelekwe na mwenzake anayekwenda msibani. Kichwa cha barua kiwe "Pole kwa kufiwa na mama", na kabla ya jina lako ongeza, "Huna haja ya kujibu barua hii." Mimi pia hufuta nembo ya kampuni na matangazo yanayojiweka yenyewe chini ya jina.