Tatu kubwa, tano kamili na traitoni: jinsi ya kutaja umbali kati ya sauti mbili

Kwenye mazoezi ya kwaya hapa Kirumba, dada mmoja wa sauti ya pili aliniuliza: "Mwalimu, kutoka B kupanda hadi F ni tano, au ni sita? Mbona kwenye kinanda napata sita?" Hakuwa amekosea kuhesabu. Alikuwa amechanganya hesabu mbili ambazo kila umbali unazo, na ukizitenganisha, jina linapatikana bila kubahatisha.

Hatua ya kwanza: hesabu herufi

Anza na noti ya chini, uihesabu nayo, upande hadi ya juu. C hadi E ni C, D, E, kwa hiyo ni tatu. B hadi F ni B, C, D, E, F, kwa hiyo ni tano. Hapa usijali shapu wala flati, wala usiangalie kinanda. Hata ukiandika B flati hadi F shapu, herufi ni zilezile, na itabaki kuwa tano ya aina fulani.

Hatua ya pili: hesabu nusu toni

Sasa nenda kwenye kinanda. Kila kibonye kinachofuata, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu toni moja. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanahesabu na kibonye cha kuanzia. Watoto wanaoruka mawe pale ufukweni wanalijua hili: mawe matano yaliyopangana yanarukwa mara nne. Herufi ni mawe, nusu toni ni miruko. C hadi E ni miruko minne: C shapu, D, D shapu, E. Ukipata tano, ujue umeihesabu C.

Hatua ya tatu: unganisha hesabu mbili

Tatu yenye nusu toni 4 ni tatu kubwa, kama C hadi E. Yenye nusu toni 3 ni tatu ndogo, kama D hadi F.

Tano haina kubwa na ndogo. Yenye nusu toni 7 ni tano kamili, na nne yenye nusu toni 5 ni nne kamili. Kamili ikipungua nusu toni moja inaitwa iliyopunguzwa, na ikizidi moja inaitwa iliyoongezwa.

Jaribu tano zote za vibonye vyeupe: C hadi G, D hadi A, E hadi B, F hadi C, G hadi D, A hadi E. Zote zina nusu toni 7. Moja tu inakataa, na ndiyo ile aliyoiuliza dada yetu. B hadi F: C, C shapu, D, D shapu, E, F. Miruko sita. Kwa hiyo hesabu yake ya sita ilikuwa sahihi, na jina ni tano iliyopunguzwa.

Traitoni, yenye majina mawili

Nusu toni 6 ni toni tatu nzima, ndiyo maana inaitwa traitoni. Oktava ina nusu toni 12, kwa hiyo traitoni inaikata katikati kabisa. Geuza B hadi F iwe F hadi B: bado ni nusu toni 6, lakini herufi sasa ni F, G, A, B. Hiyo ni nne iliyoongezwa.

Mtu atauliza kwa nini tusiiite traitoni tu, yaishe. Mimi nasisitiza jina kamili kwa sababu linamwambia mwimbaji aende wapi. Tuko kwenye C, B ni ti na F ni fa. Ti inavutwa juu kwenda do, fa inashuka kwenye mi. Tano iliyopunguzwa B hadi F inajifunga kwa ndani, inakuwa C hadi E, tatu kubwa.

Sasa bonyeza vibonye vilevile viwili, ila kile cha juu kiandikwe E shapu badala ya F. Herufi ni B, C, D, E: nne iliyoongezwa. Tuko kwenye F shapu, B ndiyo fa na E shapu ndiyo ti. B inashuka kwenye A shapu, E shapu inapanda kwenye F shapu. Sauti zinaachana badala ya kukaribiana.

Nilimpa yule dada F, mwenzake nikampa B chini yake, nikawaambia waishikilie mpaka waisikie inavyokwaruzana. Kisha kila mmoja akasogea nusu toni, yeye chini, mwenzake juu. Tatu kubwa ikatulia. Tukarudia na E shapu, na safari hii yeye ndiye aliyepanda.