Breki za baiskeli zinapiga kelele na hazishiki: anza na raba, waya baadaye

Binamu yangu hubeba maziwa na baiskeli kutoka Kiboswa hadi Kondele mjini Kisumu, na mwenye anajua hiyo barabara anajua mteremko wa Riat ukishuka Mamboleo ukiwa na mitungi nyuma. Wiki iliyopita alinipigia akasema breki ya mbele inalia watu wote wanageuka na bado haishiki, na fundi mmoja alikuwa ameshamkazia waya mara mbili. Hii ni baiskeli ya gia yenye mikono miwili ya breki pande zote za gurudumu. Kama yako ni ile nyeusi ya zamani ya vyuma, hapa hautasaidika sana.

1. Jua shida iko wapi. Fungua ile bomba iliyopinda inayoshika waya hapo juu ya tairi, breki iachilie. Sasa finya hendo huku umeshika waya na mkono ule mwingine. Ikiteleza vizuri na kurudi, waya ni mzima, ikiwa nzito ama inakwama ni kutu ndani ya koti, badilisha waya pamoja na koti, usimwage mafuta ukitumaini. Yake ilikuwa inateleza sawa, kwa hivyo ile kukazwa yote haikuwa inatibu chochote.

2. Angalia raba. Raba mpya ina mifereji, ikiisha raba imeisha. Yake upande wa kushoto ilikuwa imelainika na kung'aa kama plastiki, na kwa ile ya kulia kulikuwa na vipande vya alumini vimeingia, hivyo ndivyo hukwaruza rimu. Kama mifereji bado iko na raba imeng'aa tu, isugue na msasa na utoe hivyo vipande na ncha ya kisu. Zake tulitupa.

3. Osha rimu. Maji ya sabuni, ikauke, halafu kitambaa safi na spiriti. Tulikuta mafuta ya cheni kwa rimu, mtu alikuwa amepaka ati kelele ipungue! Tafadhali usifanye hivyo, raba ikishanyonya mafuta hata msasa haisaidii.

4. Kufunga raba mpya. Hapa ndipo Jumamosi yangu moja iliishia miaka ya nyuma, kwa hivyo soma polepole. Kwa msumari wa raba kuna washa kadhaa, zingine ziko na mgongo wa mviringo na zingine zimebonyea, na zinakaa mbilimbili, mgongo ndani ya shimo. Upande mmoja wa mkono wa breki jozi ni nene, upande ule mwingine ni nyembamba. Kabla ufungue, piga picha na simu. Ukizichanganya raba haiwezi kuinama na utakaza mpaka nati iharibike. Kama mikono ya breki haisimami wima raba zikigusa rimu, badilishana nene na nyembamba. Raba ikiwa na mshale, mshale unaangalia mbele.

Sasa urefu: raba iguse rimu peke yake. Ikipanda juu inakata tairi, ikishuka inaingia kwa spoki.

Na kelele yenyewe inatokana na hii: ncha ya nyuma ya raba ikigusa rimu kwanza, inashika, inaachilia, inashika tena haraka sana, huo mtetemo ndio unalia. Tunataka ncha ya mbele iguse kwanza, nafasi ya nyuma ikiwa kama milimita moja. Rudisha ile bomba kwanza. Mimi hukunja kadi ya kukwaruza ya krediti mara mbili, naiweka kati ya rimu na ncha ya nyuma, halafu nafunga hendo ya breki na mpira wa tyubu ikae imefinywa, mikono yangu yote iko huru kukaza na alenki namba 5. Kaza ukishikilia raba na mkono, kwa sababu nati ikizunguka inaivuta izunguke nayo. Wengine wanapinda mkono wa breki na spana, mimi sikubali, alumini hupasuka.

5. Waya. Sasa ndio waya. Ingiza ile skrubu ya mkononi kwa hendo hadi mwisho, itoe mizunguko miwili, legeza nati ya waya, vuta hadi raba ziwe milimita 1 au 2 kutoka rimu, kaza. Hendo ikifinywa isifike kwa usukani, ikifika, itoe skrubu zaidi kidogo. Raba moja ikigusa rimu mapema, kaza skrubu ndogo ya springi ya upande huo, robo mzunguko kwa wakati.

Tulijaribu kwa uwanja tambarare kwanza bila mitungi, mara kama ishirini hivi raba izoee rimu. Kesho yake alishuka Riat na mitungi na kufika Kondele akaniambia breki imenyamaza, ila inanguruma kidogo kukiwa na mvua, rimu ikiwa imelowa.