SOMO: Usimuajiri mtu kwa sababu anakukumbusha wewe (mfano wa mtunza stoo, Tabora)

Habari wadau. Nina biashara ya asali hapa Tabora, tunakusanya kwa wafuga nyuki wa Sikonge na Urambo. Mara ya kwanza kutafuta mtunza stoo nilimchukua kijana tuliyesoma shule moja, intavyu ikaenda dakika 40 tunacheka habari za bweni na patroni, wengine nilikaa nao kama dakika 12 hivi. Leja yake ilikuwa vurugu tupu. Na sikujiona napendelea, hapo ndo ugumu ulipo, mtu anayefanana na wewe unamuona "yuko vizuri" kabla hajajibu kitu, halafu kila swali unamrahisishia bila kujua.

Mara ya pili nilifanya hivi.

1. Kabla ya kufungua sivii hata moja andika kazi yenyewe inataka nini. Mi niliandika vitatu tu: kuandika leja, kugundua mzigo wenye shida, na kuongea na wafuga nyuki bila ugomvi. Ukiandika baada ya kusoma sivii utajikuta umeandika sifa za yule uliyempenda.

2. Mtu mwingine afunike jina, shule, dini na kijiji kwenye makaratasi kabla hujachambua. Hii inasaidia kwenye kuchuja tu, akishaingia mlangoni unamuona.

3. Maswali yaleyale, mpangilio uleule, muda uleule kwa kila mtu. Hapa ndo pa kukazia kuliko pote. Na jibu zuri liandike mapema. Mfano wangu: "Mfuga nyuki kaleta ndoo ya lita 20 imejaa, mizani inasoma kilo 24, unafanyaje?" Lita moja ya asali ni kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo inatakiwa icheze kwenye 28. Anayepokea na kuandika 24 anapata 1. Anayeshtuka akaniita anapata 3. Anayeipima mizani kwanza kwa kitu anachojua uzito wake, halafu akafungua ndoo kuangalia kama kuna maji au povu, huyo 5.

4. Alama ziandikwe palepale baada ya kila jibu, sio mwisho. Ukisubiri mwisho unakumbuka tabasamu lake. Na wasaili wasiongee mpaka kila mmoja kamaliza karatasi yake, maana bosi akisema "huyu safi" wote wanasogea kwake.

Tulikuwa wasaili watatu, alama 15 kila mmoja. Kijana mmoja mchangamfu sana, tena shabiki wa timu yangu, akapata 7, 8 na 7. Dada mmoja mkimya wa Urambo akapata 12, 13 na 9. Hiyo 9 tukaiulizia, mwenzetu akasema "hajachangamka, sijui kama ataendana na sisi". Tukamwambia rudi kwenye karatasi, kwenye vile vitatu kakosea wapi? Akasoma alichoandika mwenyewe, swali la ndoo kajibu vizuri kabisa na yeye kampa 2. Akarekebisha. Neno "ataendana na sisi" likitoka bila mfano wa jibu, jua upendeleo umeshaingia chumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, mji wenyewe mdogo, jina ukilifunika namjua kwa mwandiko. Nafanyaje?
Jibu: Sema mapema kwamba unamjua, na alama za huyo watoe wengine. Mkiwa wawili tu ongeza mtu wa nje, hata jirani wa duka anayejua kazi ya stoo.

Swali: Niko Kigoma, duka langu wateja wengi wanatoka vijijini Kasulu, nataka anayeongea Kiha. Si ndo ukabila huo?
Jibu: Hapana dada, kama kazi kweli inaihitaji lugha. Ila pima lugha, usiulize kabila. Muweke aongee na mteja dakika tano umpe alama, wapo Wamanyema wanaoongea Kiha safi na wapo Waha waliokulia Dar hawakijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila au mahali mtu anakotoka, lakini inaruhusu sharti ambalo ni la lazima kwa kazi yenyewe.

Swali: Mjomba kanitumia mtoto wake na kapiga simu mara tatu. Hizi hatua zinasaidia?
Jibu: Hahaha, mkuu huo sio upendeleo usioujua, huo unaujua vizuri. Ila mpe maswali yaleyale na karatasi ileile, akipata 6 walau una kitu cha kumuonyesha mjomba.

Swali: Na kama alama zikilingana?
Jibu: Wape wote wawili kazi ya siku moja uwalipe. Mi huwa nawapa leja yenye makosa matatu nimeyaweka makusudi.