Kabla ya kuchoma sindano ya kupandisha kope: fisostigmini, neostigmini na mkulima wa korosho

Tuchukue mfano wa mkulima wa Newala, miaka 46, kilo 60. Asubuhi macho yake yako sawa, ila ikifika jioni kope ya kushoto inashuka mpaka inafunika nusu ya mboni, chakula kinamshinda kutafuna, na sauti inakuwa ya puani. Tabibu anashuku miasthenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya msuli. Anataka kumchoma neostigmini aone kama kope itapanda. Jaribio hilo ni zuri na linawezekana hata hospitali ya wilaya, lakini kazi kubwa inafanyika kabla sindano haijagusa ngozi. Anayeelewa dawa hii inafanya nini hasa hatahitaji kukumbushwa kila hatua.

Neva inapotaka msuli ukaze, ncha yake humwaga asetilikolini kwenye upenyo mwembamba ulio kati yake na msuli. Asetilikolini hushika vipokezi vya msuli, mlango wa chumvi ya sodiamu unafunguka, msuli unakaza. Papo hapo kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huikatakata iwe kolini na asetati. Kimeng'enya kimoja kinaweza kukata maelfu ya molekuli kwa sekunde, ndiyo maana kila amri ya neva hukatika upesi na msuli hupata nafasi ya kusikia amri inayofuata.

Fisostigmini, dawa iliyoitangulia neostigmini, ni sumu ya mbegu ya mmea utambaao wa Kalabari, Afrika Magharibi. Waefiki waliitumia kuwaapiza watuhumiwa na kuiita esere. Ndani ya kimeng'enya kuna asidi amino iitwayo serini, ambayo ndiyo inayokata. Asetilikolini ikifika, serini hubeba kipande chake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kisha hukiachia. Fisostigmini nayo huingia palepale na kuiachia serini kipande cha aina nyingine, kabamili, ambacho hakitoki upesi. Kung'oka kwake huchukua dakika kadhaa mpaka nusu saa hivi, na muda wote huo kimeng'enya hicho hakikati chochote. Kwa hiyo dawa haiuongezei msuli nguvu, wala haiilazimishi neva kumwaga zaidi. Inaipa asetilikolini ileile muda wa kukaa kwenye upenyo na kushika kipokezi zaidi ya mara moja kabla haijapotea.

Kwa mtu mzima mwenye afya muda huo wa ziada hauna faida, kwa sababu neva yake tayari humwaga zaidi kuliko inavyohitajika. Mwenye miasthenia ana vipokezi vichache. Amri za kwanza zinafika, lakini kadiri neva inavyorudia, ndivyo inavyomwaga kidogo kidogo zaidi, mpaka amri haitoshi tena. Hapo ndipo kope inaposhuka jioni, na hapo ndipo kuchelewesha ukataji kunapookoa amri. Mwaka 1934 Dakta Mary Walker wa Hospitali ya Mtakatifu Alfege, Greenwich, aliona ugonjwa huu unafanana na athari za kurari, sumu inayolegeza misuli, ambayo tayari ilijulikana kuwa fisostigmini huipinga. Alimchoma mgonjwa fisostigmini chini ya ngozi. Kope ilipanda baada ya nusu saa hadi saa moja, na nafuu ikafifia baada ya saa 2 hadi 4. Muda huo wenyewe ni kipimo cha kabamili kung'oka na dawa kuisha mwilini.

Leo kwenye jaribio tunatumia neostigmini. Nayo huacha kabamili kwenye serini, ila molekuli yake ina chaji isiyoiruhusu kupita kwenda ubongoni. Fisostigmini hupita, na ikizidi huleta fadhaa na degedege. Hupita kweli, ndiyo maana nafasi yake iliyobaki ni kwa mtu aliyechanganyikiwa kwa mnanaha au dawa za jamii ya atropini. Kwa kope haihitajiki, hata ikipatikana.

Sasa maandalizi. La kwanza si trei, ni swali. Mikoa ya Mtwara na Lindi, msimu wa kupuliza mikorosho watu wengi hushika sumu kwa mikono mitupu, na baadhi ya sumu hizo hufanya kazi ileile ya fisostigmini. Viuatilifu vya kundi la kabamati vilitengenezwa kwa kuifuata fisostigmini. Vya kundi la organofosfeti huacha kipande cha fosfati ambacho serini haikiachii kwa siku nyingi, pengine kabisa. Mtu ambaye kimeng'enya chake tayari kimezibwa shambani, ukimwongezea neostigmini, unamwongezea sumu.

"Mzee, mara ya mwisho ulipuliza lini?"

"Wiki iliyopita, mwanangu. Salfa tu."

"Salfa ya unga, au kuna ya maji mliyochanganya kwenye bomba?"

Swali la pili ndilo lenye maana. Salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga haigusi kimeng'enya hiki. Dawa ya maji ya kuua wadudu huenda ikakigusa, na wakulima wengi huita zote "dawa ya mikorosho". Akitaja ya maji, aletewe chupa au kibandiko chake, kisomwe kiambato kilichoandikwa. Halafu mtazame mwenyewe. Mboni ndogo kama ncha ya pini, mate yanayochuruzika, jasho jingi, kuhara, misuli inayochezacheza chini ya ngozi: hiyo ni sumu, na anayehitaji atropini haraka hafanyiwi jaribio la neostigmini. Kwa miasthenia mboni ni ya kawaida na ngozi ni kavu. Mzee wetu mboni zake ni za kawaida, mapigo 78, hana jasho la ajabu. Hapo tunaendelea.

La pili ni barafu, na watu wengi hulipuuza kwa sababu ni rahisi mno. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya, hivyo hufanya sehemu ya kazi ya fisostigmini bila hatari yoyote. Mwambie mgonjwa aangalie juu kwa dakika moja, kope ichoke, kisha pima kwa rula upenyo wa jicho, kutoka ukingo wa kope ya juu mpaka wa chini, katikati ya mboni. Funga barafu kwenye glovu, iweke juu ya jicho lililofumba kwa dakika 2, toa, pima tena upesi. Umeme ukikatika na friji ya maabara ikashindwa, wauza samaki hawakosi barafu. Ongezeko la milimita 2 au zaidi linaunga mkono miasthenia. Mzee wetu alikuwa na milimita 4, baada ya barafu 7. Kama wasiwasi wako kuhusu mapafu au moyo ni mkubwa, unaweza kuishia hapa, ukaanza kumpangia rufaa.

Ukiamua kuendelea, muulize kuhusu pumu, kinyesi au mkojo kuziba, na moyo kupiga polepole. Asetilikolini haikai kwenye msuli wa mifupa peke yake. Imo kwenye moyo, mapafu, utumbo na tezi za mate, na kule nako itaongezeka. Mwenye mojawapo ya hayo asichomwe bila mtu mwenye ujuzi wa kumwokoa karibu, na mapigo yakiwa chini ya 60 acha.

Hapo ndipo trei inapoingia: mshipa uliofunguliwa kwa kanula, oksijeni, mfuko wa ambu na barakoa yake, mashine ya kufyonza mate iliyojaribiwa ikavuta kweli, saa yenye mshale wa sekunde, na atropini iliyovutwa tayari kwenye sirinji yenye jina. Wengi hutanguliza atropini miligramu 0.6 kwenye msuli. Kwa ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 ni mililita 0.6. Haiharibu matokeo, kwa kuwa vipokezi vya moyo na utumbo inavyovizuia si vile vya msuli wa kope. Lakini ujue inaficha mate na mapigo ya polepole, ambavyo ndivyo vingekuonya kuwa dozi imezidi.

Kisha neostigmini, na hapa ndipo makosa mengi ya dozi yanapoweza kutokea. Ampuli zake ni za nguvu tofauti. Ipo ya miligramu 2.5 kwa mililita, ipo ya miligramu 0.5 kwa mililita. Dozi ya mtu mzima kwenye msuli ni miligramu 1.5. Ya kwanza utavuta mililita 0.6, ya pili utavuta mililita 3. Atakayezoea ya mililita 3, siku akiletewa ile kali, atampa mgonjwa miligramu 7.5, yaani mara tano. Kwa hiyo ampuli isomwe kwa sauti na watu wawili, na hesabu iandikwe kwenye faili kabla ya kuvuta dawa.

Kipimo cha kulinganisha nacho kiwe kimeandikwa pia: upenyo wa jicho, na amehesabu mpaka ngapi kwa pumzi moja. "Najisikia vizuri" si kipimo, maana mgonjwa aliyesubiri siku nzima anataka kukufurahisha. Pima dakika 15, 30, 45 na 60. Kwa mzee wetu upenyo ulitoka milimita 4, ukafika 6 dakika ya 15 na 9 dakika ya 30, na hesabu kwa pumzi moja ikapanda kutoka 18 hadi 27. Kope isipopanda hata kidogo, jaribio halikatai ugonjwa moja kwa moja, hasa kwa wale ambao ni macho tu yaliyoathirika.

Kinachopotosha wengi ni udhaifu unaokuja baada ya sindano. Asetilikolini ikikaa kupita kiasi, msuli unabaki umefunguliwa milango na unashindwa kupokea amri mpya. Kwanza unachezacheza, kisha unalegea. Kwa macho utadhani ni miasthenia imezidi, na anayedhani hivyo huongeza dozi. Tofauti utaiona kwenye misuli ya kope na mashavu inayotetemeka, tumbo linalosokota, mate kurudi na mapigo kushuka hata kama alipewa atropini. Hapo usiongeze chochote cha jamii ya neostigmini. Rudia atropini kwa ajili ya moyo na makohozi, na angalia pumzi, kwani atropini haiponyi msuli uliolegea. Akishindwa kupumua mpe pumzi kwa ambu mpaka dawa iishe mwilini na kabamili ing'oke yenyewe, na hilo litachukua saa kadhaa.

Baada ya saa 2 hadi 4 kope ya mzee itaanza kushuka tena. Mwambie mapema, na muandikie kwenye karatasi ya rufaa saa ya sindano, dozi, nguvu ya ampuli, vipimo vya rula na jina la dawa aliyopuliza shambani, kwa sababu daktari atakayempokea Mtwara mjini au Ndanda atataka kuanza piridostigmini ya vidonge, ambayo nayo huziba kimeng'enya hichohicho.