Jinsi ya kudai mshahara unaopotea ukiitwa kwenye juri Uingereza

Mkenya au Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Daftari hilohilo ndilo linalotumika kuchagua watu wa juri, yaani watu wa kawaida wanaosikiliza kesi mahakamani na kutoa uamuzi. Ukiwa na miaka 18 hadi 75 na umeishi huko angalau miaka 5, barua ya wito inaweza kukufikia. Ijibu ndani ya siku 7, maana ukikaa kimya unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Suala la pesa lishughulikie siku hiyohiyo. Sheria inamtaka mwajiri akuruhusu kwenda, lakini haimlazimishi kukulipa. Soma mkataba wako, kisha umuulize kwa maandishi. Akikulipa mshahara kamili, huna cha kudai mahakamani. Akikukata, mahakama hufidia, ila kuna kikomo: kwa siku 10 za mwanzo ni pauni 64.95 kwa siku, na siku ambayo muda wako mahakamani hauzidi saa 4 ni pauni 32.47. Nauli na chakula hudaiwa pembeni.

Hatua iliyonichelewesha nilipoitwa mimi ni cheti cha upotevu wa mapato, fomu 5223. Anayeijaza ni mwajiri, si wewe. Ofisi ya mishahara ya kazini kwetu iliandika malipo ya saa kabla ya makato, fomu ikarudishwa, na kodi ya nyumba haikusubiri. Kinachotakiwa ni kiasi halisi unachopoteza kwa siku baada ya kodi ya mapato na bima ya taifa. Mpelekee mwajiri fomu kabla hujaanza, na uikague kabla ya kuikabidhi mahakamani. Kama unafanya kazi kwa zamu zisizo na uhakika, tunza hati za mishahara na ratiba ya zamu, kwani ndizo zitakazoonyesha ulichokosa. Waliojiajiri huambatisha ritani yao ya kodi.

Tuseme mhudumu wa wazee huondoka na pauni 84 kwa siku baada ya makato. Mahakama itampa 64.95, kwa hiyo anapungukiwa pauni 19.05 kila siku, na kwa siku 10 ni pauni 190.50. Akiruhusiwa kuondoka kabla ya kutimiza muda wa saa 4 mahakamani, pengo linafika pauni 51.53, isipokuwa mwajiri amkubalie kuingia zamu ya mchana. Makubaliano hayo yafanyeni mapema. Pengo lenyewe mwombe mwajiri alizibe, wapo wanaokubali.

Malipo huja siku 7 hadi 10 za kazi baada ya kuwasilisha madai, kwa hiyo tenga pesa ya mwezi huo. Kama huwezi, omba kuahirishiwa unapojibu wito. Unaruhusiwa mara moja tu, na tarehe mpya iwe ndani ya miezi 12. Kesi ikivuka siku 10, kikomo hupanda hadi pauni 129.91 kwa siku.